Salamu za Duka la Matairi

Mshonaji alikuwa amezidiwa: nguo kumi na moja za Idi, na kila mwenye nguo anaitaka ya kwake leo. Simu ikamletea picha ya mwezi wa dhahabu yenye maneno "Idi njema kwako na familia". Akaona ya nini kujiumiza kichwa. Akawatumia marafiki zake wote wa shule, Waislamu kwa Wakristo wenzake, hata mpiga picha, ambaye ni Mhindu.

Hajatia uzi kwenye sindano, muuguzi akampigia. Walikuwa mashoga tangu darasa la kwanza.

"Ahsante, shoga. Ila sikujua siku hizi umeajiriwa duka la matairi."

"Duka gani tena?"

"Soma pale chini."

Chini kabisa, kwa herufi za mchwa: "Uongozi na Wafanyakazi, Duka la Matairi." Mshonaji alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Halafu mwenzio bado nimefunga," muuguzi akacheka. "Mwezi ukionekana jioni, Idi kesho. Usipoonekana, keshokutwa."

"Nisamehe, dada."

"Wala usijali. Picha hiyo ni ya sita tangu asubuhi."

Hilo la sita ndilo lililomchoma.

Jioni mwezi ulipotangazwa, alizima cherehani akaanza kumwandikia muuguzi. "Mola akujaalie heri, baraka, fanaka..." Akasoma, akaona ni hotuba ya mgeni rasmi. Akafuta. Akajiuliza: huyu mwaka huu amepitia nini? Mama yake alifariki miezi mitano iliyopita. Kumwambia "furahi sana" kungekuwa kumtonesha kidonda.

Akaandika: "Idi Mubarak, shoga yangu. Najua hii ni ya kwanza bila mama, nami namkumbuka alivyokuwa akituita ndani tukale. Mwezi mzima umefuturu wima wodini. Kesho kaa chini. Nipite alasiri, au unataka utulivu?"

Kwa mume wa muuguzi, fundi umeme waliyembandika jina la Shoti, ambaye mfungo mzima alikuwa akiulizia saa ya kufuturu, akaandika: "Idi Mubarak, shemeji. Kesho kunywa chai saa nne, na usimuulize mtu saa ngapi."

Kwa mpiga picha hakutuma salamu, aliomba radhi: "Ile ya asubuhi ilikupata kwa bahati mbaya. Diwali yako nitaiuliza tarehe mapema, kwako wewe, si kwa duka."

Muuguzi akajibu neno moja: "Njoo."

Kesho yake Shoti alimpokea mlangoni, simu mkononi. "Nimelinganisha na ya mke wangu. Kweli hukunakili!"

Muuguzi akamvuta jikoni. "Wote wameniambia nifurahi," alisema taratibu. "Wewe tu ndiye uliyemtaja mama."

Mshonaji akamshika mkono.

"Alikuwa akituita kwa sauti gani vile?" muuguzi akauliza.

Mshonaji akamwigiza, mikono kiunoni. Wakacheka hadi machozi yakawatoka, na Shoti akaja kuchungulia kulikoni.