Kisanduku cha Pili

Muhuri uliomponza kaka yangu niliugonga mimi, kwa mkono huu huu. Kompyuta isisingiziwe.

Nakaa dirisha la pili, ofisi ya ajira. Fomu yetu ina visanduku vitatu, na kisanduku ndicho kinachoamua utapata msaada gani. Asubuhi hiyo nilianza na mama mmoja wa maabara aliyeacha kazi akamfuata mumewe huku. Hospitali mbili zilikuwa zinatafuta mtu kama yeye, ila walikuwa hawajuani. Nikamgongea kisanduku cha kwanza, nikampa orodha ya nafasi na namba za simu. Baada ya wiki mbili alikuwa kazini. Wote wangekuwa hivyo, ningezeeka na meno yangu yote.

Nyuma yake wakajipanga watu wa kiwanda cha nguo. Mia mbili walikuwa wamesimamishwa kwa mpigo. Biashara ilikuwa imelala nchi nzima. Watu wanaingia dukani, wanashika shati, wanalirudisha. Washonaji, wapiga pasi, wafungaji, wote niliwagongea cha tatu. Mikono yao haikuwa na kosa lolote, wateja ndio walikuwa hawapo. Hao wanahitaji posho ya kuwashikilia, na vibarua vya barabara ambavyo serikali ilikuwa imevifungua ili pesa zirudi mifukoni mwa watu, mpaka oda zirudi. Kumpeleka mshonaji hodari akajifunze kushona ni kumtania.

Kisha akaja Wembe, kaka yangu wa tumbo moja. Mkataji wa kiwanda kile kwa miaka ishirini na sita. Anatandika kitambaa tabaka hamsini, anachora kwa chaki, anapitisha kisu, na kipande cha juu na cha chini havipishani hata uzi. Mkono huo ndio ulionisomesha.

Mezani kwangu nilikuwa na barua ya kiwanda hicho hicho. Walikuwa wamenunua mashine ya kukatia inayoongozwa na kompyuta, na oda zikirudi watataka waendeshaji wanne. Wakataji hawakutajwa kabisa. Chuo nacho kilikuwa na mafunzo ya mashine hiyo, miezi sita, viti kumi na viwili, kwa waliogongewa cha pili tu. Mwisho wa kuandikishwa, Ijumaa.

"Kaka," nikamwambia, "wewe nikugongee cha pili."

"Cha pili ndiyo nini?"

Nami, mjinga mimi, nikamsomea fomu kama ilivyoandikwa: "Ujuzi uliopitwa."

"Nimepitwa?" Foleni nzima ikageuka. "Mimi? We mtoto, nani alikulipia ada? Wenzangu wote ni cha tatu! Soma hapa!" Akaibandika barua yake ya kusimamishwa kazi kwenye kioo. Chini iliandikwa: *Hali ikitengemaa, tutawaita.*

Ningemwonyesha ile barua ya mashine. Ningemwambia, kaka, kazi ya kukata ipo, ila inataka mkono mwingine, na mkono huo unafundishika. Lakini watu walikuwa wanamtazama, naye kidevu kinamtetemeka. Nikaona aibu, yake na yangu. Nikagonga cha tatu. Akanishukuru, jamani. Akanishukuru!

Miezi minane alikula posho na kuchimba mitaro. Nyumbani kwake barua ile ya "tutawaita" ilikaa ukutani, na kila nikipita nageuza uso. Ijumaa ile ilikuwa imepita zamani, na viti vyote kumi na viwili vilijaa.

Oda zikarudi. Washonaji wakaitwa, wapiga pasi wakaitwa. Wembe akangoja siku tatu, ya nne akanyoa ndevu akaenda mwenyewe. Mlinzi anamfahamu, akamruhusu achungulie dirishani. Aliona meza ndefu, kisu kinatembea chenyewe, na wanne wamesimama wanatazama skrini. Na siku kiwanda kilipofunguliwa, posho ya kisanduku cha tatu ilikuwa imekatwa. Ndivyo sheria yetu ilivyo: hali imetengemaa.

Alikuja dirishani kwangu na namba ya foleni mkononi, kama mtu baki.

"Yale mafunzo," akasema, "bado yapo?"

"Awamu nyingine haijapangwa, kaka."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Nikavuta fomu mpya, na penye ujuzi nikaandika: *Mkataji, miaka ishirini na sita.* Akainama akasoma kupitia kioo.

"Futa hiyo, mdogo wangu," akasema taratibu. "Andika lile neno ulilonisomea siku ile. Safari hii sitapiga kelele."

Nikafuta, nikaliandika, nikagonga cha pili. Nyuma yake foleni ilikuwa inatazama vilevile.