Dagaa Wasio na Mwiba

Paka wa uchochoro wa Bi Mwanakhamis walikuwa wamenona mpaka unacheka ukiwaona. Manyoya yanang'aa, mikia juu, na kuruka ndiyo usiseme. Wakijipanga mlangoni asubuhi, majirani wa Mji Mkongwe walijua: Bi Mwanakhamis ameanza kusafisha dagaa wake, na leo tena watu wa miguu minne watashiba.

Dagaa hao walikuwa na kazi kubwa. Masika iliyopita Bi Mwanakhamis aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake, zile za mbao zilizosimama wima kama zinakudai, akavunjika kifundo cha mkono. Mkono ulipona, hogo la plasta likatolewa, lakini daktari alipompima akasema mifupa yake imepungua nguvu, na mwanguko mwengine unaweza kuwa wa nyonga. Mwanawe, Mbarouk, akashika hapohapo. Alitaka mama ahamie kwake Mwanakwerekwe, nyumba ya chini, isiyo na ngazi hata moja.

"Nikafanye nini huko?" Bi Mwanakhamis aliuliza. "Nikatazame ukuta?"

Nyumba hii alizaliwa ndani yake. Dirishani akichungulia tu, anajua nani kagombana na nani, nani kapika pilau na nani kachacha. Mwanakwerekwe angekaa sebuleni na televisheni, akaulizwa kila saa, mama umekunywa maji? Yarabi! Bora arudishiwe hogo.

Wakabishana, wakakubaliana. Tahiya, bibie wa lishe pale kliniki, atamfunza mama kula chakula cha mifupa. Siku ya kurudi kliniki, Tahiya akisema kafuata, mama anabaki. Hakufuata, anafunga mizigo.

Maziwa ya ng'ombe hayakuwa na maana kuyataja. Bi Mwanakhamis akinywa nusu kikombe, tumbo linamchafuka, anashinda chooni. Tahiya hakuhangaika. Alimwambia kalsiamu haikai kwenye maziwa peke yake: ale dagaa, ale sukuma wiki na mboga ya chainizi, na anunue maziwa ya soya, lakini ageuze paketi kwanza asome kama wameongeza kalsiamu, maana si zote. Mchicha aendelee nao kwa mengine, ila asiutegemee kwa hili, kwani kalsiamu yake imejifunga na mwili hauipati sana. Akampa na vidonge vya vitamini D, mifupa ipate kuipokea hiyo kalsiamu.

Na Bi Mwanakhamis akafuata! Mtu asije akasema hakufuata. Chainizi aliikata nyembamba, akaikaanga kwa kitunguu na tui jepesi, hata jirani akaja kuuliza anapika nini. Dagaa alinunua wabichi, wa urefu wa kidole, kila wakipatikana.

Basi siku ya kliniki ilipofika, alivaa buibui lake jipya, akamchukulia Tahiya zawadi kwenye bakuli la kifuniko. Mbarouk alimfuata nyuma, uso wa mtu aliyekwisha mpangia mama chumba kwake.

"Shikamoo Bi Mwanakhamis."

"Marahaba mwanangu. Nshakula dagaa mpaka nataka kuota mapezi. Hebu onja mkono wangu."

Tahiya alifunua. Dagaa wa kukaanga, wekundu, wananukia ndimu na pilipili manga. Akatia mmoja mdomoni, akatafuna, akafunga macho kwa raha. Halafu akayafumbua. Akachukua wa pili, akampasua katikati kwa kucha.

"Bi Mwanakhamis, miiba iko wapi?"

"Miiba?" Bi Mwanakhamis alicheka. "Mimi nikupe wewe samaki mwenye mwiba? Nimelelewa wapi mimi? Unamminya kichwa hivi, unavuta, na uti wa mgongo wote unatoka. Mmoja mmoja, mwanangu, mpaka bakuli lote limekwisha."

"Na ule uti unaupeleka wapi?"

"Kwa paka."

Tahiya aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika. Alijitahidi, masikini, lakini kicheko kilimshinda. "Bi Mwanakhamis, kalsiamu ya dagaa imo kwenye ule mwiba! Nyama ni nzuri, inakupa nguvu, lakini mfupa unajengwa na mfupa. Mwiba wa samaki mkubwa kama changu sikwambii ule, utakukwama. Huu wa dagaa ni laini, ukikaangwa ukakauka unatafunika wote."

Bi Mwanakhamis aliwaona paka wake wote mbele ya macho, wanavyoruka kuta.

"Na maziwa ya soya?" Tahiya aliuliza, safari hii kwa woga kidogo. "Unayatikisa kabla ya kumimina?"

"Nitikise yamwagike? Namimina taratibu. Yale machicha meupe ya chini namwaga."

"Machicha hayo ndiyo kalsiamu waliyoiongeza, Bi. Inatuama chini."

Mbarouk akasimama. "Basi mama. Mbele ya shahidi. Tukafunge mizigo."

Uchungu ulimpanda Bi Mwanakhamis. Kama kweli angevunja ahadi, angeweza kustahamili kuambiwa. Lakini yeye alishinda na wale dagaa, vidole vikanuka, na bado ametoka mikono mitupu!

"Kaka, mama yako hakukataa kufuata," Tahiya alisema. "Chainizi kaipika, vidonge kala, samaki kanunua. Limebaki jambo la kutokutoa mwiba. Hiyo si kazi ya kuongeza, ni ya kupunguza."

"Ijumaa njoo ule kwangu," Bi Mwanakhamis alimwambia mwanawe. "Ukitoka pale bado unataka nihame, nitahama."

Ijumaa baada ya sala Mbarouk alipanda zile ngazi. Alikuta wali wa nazi, sukuma wiki, na sahani ya dagaa waliokauka vizuri, na uti wao ndani. Mama yake alikuwa amekwisha anza. Alikuwa anawatafuna wazima, kacha kacha, jasho la pilipili puani.

Mbarouk alichukua mmoja. Kidole na gumba vikaminya kichwa, vikavuta, uti ukatoka, akauweka pembeni ya sahani. Akachukua wa pili, vivyo hivyo.

"Nani kakufunza kutoa?" mama yake aliuliza.

"Wewe, mama."

Ni kweli. Alipokuwa mdogo, mwiba wa changu ulimkaa kooni, akageuka rangi, na Bi Mwanakhamis akamlisha matonge ya wali huku analia, mpaka ukashuka. Tangu siku ile hakuna mwiba uliopita mbele ya mtoto wake. Miaka yote hiyo alikuwa akitoa kwa ajili ya huyu huyu.

"Mimi nnaogopa kuanguka," Bi Mwanakhamis alisema polepole. "Usidhani siogopi. Lakini huko kwako nitakaa nikiogopa vile vile, na dirisha sina."

Mbarouk aliutazama ule uti pembeni ya sahani, mwembamba kama uzi. Akautia mdomoni. Akatafuna kwanza kwa hofu, macho yamemtoka, kisha kwa kawaida.

"Mtamu," alisema.

"Sema tena."

"Mtamu, mama." Akaufuatisha na wa pili. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa tepu ya kupimia. "Nilikuja nayo nipime kabati lako, kama litaingia kwenye kile chumba."

Alinyanyuka, akatoka nje mlangoni, na Bi Mwanakhamis akasikia tepu inavutwa kwenye ngazi.

"Wapima nini huko?"

"Mbao ya kushikia," Mbarouk alijibu kutoka chini. "Pande zote mbili."

Bi Mwanakhamis alichungulia dirishani macho yakiwa maji. Chini, paka walikuwa wamejipanga, wanamtazama.

"Leo hamna," aliwaambia. "Na kesho hamna. Katafuteni mwengine."