Choo Kilichomngoja Mgeni Rasmi

Soko lile lilikuwa na choo kizuri kuliko nyumba za wauzaji wake. Kina vigae vyeupe, kina maji, kina hata kioo cha kujitazama, na hakuna binadamu aliyewahi kukitumia. Kilipokwisha kujengwa kilipigwa kufuli, kikawekewa mlinzi, kikaambiwa kimngoje mgeni rasmi aje akizindue. Mgeni rasmi alikuwa na shughuli. Mlinzi mwenyewe akibanwa alivuka barabara kuu kwenda kituo cha mafuta, kama watu wote wa soko, na akirudi anaendelea kulinda.

Bibi Mkalimani angelicheka jambo hilo akiwa kwake, maana alishastaafu kazi ya kutafsiri mahakamani na masikio yake yalishasikia mengi. Lakini mkwe wake aliuza vitunguu pale sokoni, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika pale ambapo mtoto anakaa juu ya kibofu kama mpangaji asiyehama. Kila mara aache meza, avuke barabara ya malori. Juzi lori lilifunga breki karibu yake mpaka akakaa chini palepale katikati ya lami. Jioni alimwambia mama mkwe wake kwamba ataacha biashara. Na meza ya soko ukiiacha, hujaiacha; umempa mwingine.

Umoja wa wauzaji ulikuwa umeshaandika barua ya madai. Barua za kwenda halmashauri hupokelewa kwa lugha ya ofisini tu, na watu wa soko wanaongea lugha yao, basi karani wa soko akajitolea kuitafsiri bure. Karani yule alikuwa mtoto wa adabu. Pale waliposema wanataka choo kifunguliwe, yeye akaandika kwamba wanaisubiri kwa hamu kubwa siku tukufu ya uzinduzi. Majibu yalikuja upesi. Halmashauri ilikuwa imeguswa mno na hamu ya wananchi, hivyo imeamua kuikuza sherehe: yatafutwe mahema na bendi ya matarumbeta, na siku isogezwe mbele hadi bendi ipatikane. Tena likaongezwa kufuli la pili, choo kisije kikachafuka.

Ndipo mwenyekiti wa umoja, mama muuza mkaa, akaenda na wenzake kwa Bibi Mkalimani. Huyo mama sauti yake ilizoea kuita wateja wa mtaa wa pili. Alikaa kwenye mkeka akaanza kusema barua mpya, na Bibi akaandika kwa lugha yao. Mkurugenzi wa halmashauri akaitwa kuku aliyelalia jiwe. Mwishoni akaahidiwa kwamba wataenda kumwachia mlangoni pake kile alichowanyima pa kukiachia.

Wenzake wakapiga vigelegele. Bibi aliweka kalamu chini, akangoja watulie.

"Mwanangu, mimi sipunguzi wala siongezi," akasema. "Ukilitia tusi, nitalivusha lilivyo. Atakachojibu ni tusi. Choo atakisahau."

"Kwa hiyo tumbembeleze?"

"Sijasema hivyo. Barua ni yenu. Semeni mnataka nini, lini, na asipofanya mtafanya nini. Hasira ibaki hapa mkekani, tutaukunja nayo."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Kuku akatolewa, kwa shingo upande. Ikabaki hivi: wanadai choo kifunguliwe kabla ya mwisho wa mwezi, wajawazito na wazee wanavuka barabara kuu kwa hatari, na wasipojibiwa kwa maandishi, watahamishia mikutano yao ya asubuhi kwenye ngazi za ofisi, kwa amani, mpaka wajibiwe. Wenye kuandika wakatia saini, wasioandika wakatia dole gumba.

Usiku ule Bibi alibaki na karatasi. Salamu za sokoni huanzia kwa wazazi zikaishia kwa mifugo. Za ofisini ni mstari mmoja, akaweka mstari mmoja, lakini ule wenye heshima kamili. Kwenye "tunadai" alisimama. Lugha ya ofisini ina kusihi, ina kuomba, ina kudai. Akaandika kudai. Alipofika kwa wajawazito mkono ukamwasha. Alitaka kuliingiza lile lori, na breki zake, na mkwe wake amekaa kwenye lami. Halikuwamo. Hakulitia.

Asubuhi hakuwasomea mwenyewe. Mwandishi akisoma kazi yake husoma alichokusudia. Alimpa fundi cherehani, anayejua lugha zote mbili na ambaye hakuiona barua yao yenye saini, awaeleze kwa lugha yao tafsiri inasemaje. Fundi akaeleza, pini zikiwa mdomoni. Muuza mkaa alisikiliza amefumba macho.

"Ni sisi wenyewe," akasema. "Ila tumeoga."

Basi Bibi akaandika chini kwamba hiyo ni tafsiri sahihi, akatia jina lake, wakaibana pamoja na barua yenye saini, wakaenda nazo ofisini kwa mkurugenzi, mkwe naye akiwemo.

Mkurugenzi aliisoma mara ya kwanza akitafuta tusi. Hakuliona. Akageuza karatasi, nyuma ni peupe.

"Barua ina adabu sana hii," akasema kwa wasiwasi. "Hili 'tunadai', bibi, si ungeweka 'tunaomba'?"

Bibi akawageukia wenzake, akawatafsiria swali lilivyo. Muuza mkaa akajibu kwamba kuomba walishaomba, wakapewa kufuli la pili. Bibi akalivusha na hilo lilivyo.

Mkurugenzi akajifuta jasho. Nikikifungua leo, akauliza, mgeni rasmi akija atafungua nini? Bibi akalivusha swali. Hapo mkwe alimvuta Bibi kanga, akamnong'oneza.

"Mheshimiwa," Bibi akasema kwa sauti ileile ya barua, "mjumbe huyu anauliza choo kiko wapi."

Mkurugenzi akatazama dari. Akatazama wasaidizi wake, nao wakatazama viatu. Ikabidi aseme kwamba choo cha ofisi kimeziba tangu mvua za mwanzo, na fundi hawezi kuletwa mpaka kikao kikae.

"Nyinyi mnakwenda wapi?" muuza mkaa akauliza kupitia kwa Bibi.

"Kituo cha mafuta."

Bibi akatafsiri. Hakuna aliyecheka, lilikuwa jambo zito. Muuza mkaa alimtazama mkurugenzi kama anayemtambua ndugu aliyepotea.

Mkurugenzi akaivuta barua tena. Akauliza polepole kama na yeye anaweza kutia jina. Bibi akamweleza kwamba tafsiri haitiwi saini na walalamikaji, saini ziko kwenye barua ya lugha ya sokoni, ambayo yeye haisomi. Na kukubali au kukataa ni kwa mwenyekiti.

"Mwambie karibu," alisema muuza mkaa. "Aweke dole gumba, kwa sababu hajui kusoma."

Likavushwa lilivyo. Mkurugenzi akachovya kidole kwenye wino, akadai choo kwake yeye mwenyewe. Kisha akafuta kidole, akachukua muhuri, akagonga "Imepokelewa" na tarehe, akawapa nakala yao. Kesho yake mlalamikaji mmoja mkubwa alijijibu kwa maandishi, kwa heshima zote, kwamba madai yake ni ya haki.

Makufuli yakafunguliwa. Mlinzi aliingia wa kwanza, akisema anakagua, akakagua muda mrefu. Watu wakampisha mkwe, akaingia, akatoka, akarudi zake mezani. Foleni ikasonga mpaka mkurugenzi, aliyekuja na faili kwapani, akajaribu kupenya.

"Mheshimiwa," muuza mkaa akamwambia kwa lugha ya sokoni, "rudi nyuma."

Mkurugenzi akamtazama Bibi, ambaye naye alikuwa kwenye foleni.

"Amesema, Mheshimiwa, rudi nyuma."

Akarudi. Kule mezani mkwe alikuwa akimpimia mtu vitunguu, hana haraka.