Nafasi ya Kutosha Sauti ya Baba

Daktari alisema upasuaji utakuwa Jumatatu, na kwamba baada ya hapo mzee hatazungumza tena kwa sauti yake. Alisema polepole, akimtazama mgonjwa mwenyewe badala ya watoto wake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akauliza geti la maegesho linafungwa saa ngapi.

Kwa miaka mingi alikuwa mtangazaji wa stesheni kuu ya treni. Watu wasiomjua kwa sura walimjua kwa sauti. Akiomba chumvi dukani, kuna waliogeuka na kukaza mkono kwenye mizigo yao, wakidhani treni inaondoka. Sasa sauti hiyo ilikuwa imeingia mikwaruzo, lakini ilikuwa bado yake.

Bintiye, ambaye kazini walimwita Sikio, alikuwa mhariri wa sauti kwenye studio ya matangazo ya biashara. Waliporudi kutoka hospitali hakutulia. Aliosha vikombe vilivyokuwa safi tayari. Alifungua dirisha, akalifunga. Mwishowe alisimama mbele ya baba yake akasema, "Baba, nataka nikurekodi kabla ya Jumatatu."

"Kurekodi nini?"

"Chochote. Unachotaka tubaki nacho."

Mzee alifikiri. "Sawa. Lakini usikae hapo unanikodolea macho. Nitaongea na mashine yako peke yangu, nikimaliza nitatoka."

Basi Alhamisi ile akamwandalia chumba cha wageni: mikrofoni mezani, blanketi nene mlangoni la kuzuia kelele, kompyuta yake ya kazini ikiwa imezimwa mwanga wa kioo ili usimsumbue mzee. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akatoka. Mzee alikaa humo tangu baada ya chakula cha mchana mpaka jua likaanza kupungua nguvu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Nimewasimulia habari za mama yangu," alisema. "Mambo ambayo hata mama yenu hayajui."

Sikio aliingia chumbani, akawasha mwanga wa kioo. Katikati ya kioo kulikuwa na ujumbe: nafasi kwenye diski imekwisha, kurekodi kumesimama. Rekodi yenyewe ilikuwa fupi. Ilipokatika, bibi yake alikuwa hata hajaolewa.

Kosa lilikuwa dogo hata likamuuma zaidi. Studio walirekodi matangazo ya nusu dakika, na diski ya ndani ya kompyuta ilikuwa imejaa kazi za wateja mpaka kooni. Hakuwahi kurekodi kitu kirefu, kwa hiyo hakuwahi kujiuliza programu inayaweka wapi mambo yake. Ilikuwa ikiyaweka pale ilipopangiwa siku ilipowekwa kwenye mashine: folda ya ndani, kwenye diski hiyohiyo iliyojaa.

Alimweleza baba yake ukweli, maana asingeweza kuuficha.

"Sirudii," mzee alisema. "Si hasira, mwanangu. Treni ikishaondoka, ukiitangaza tena unawapoteza watu tu."

"Nimeelewa, Baba."

"Kesho nitasema mengine. Nina maneno ya mama yenu na ya kila mmoja wenu. Hayo yakipotea, hayo ndiyo yatanitia hasira."

Sikio alitoka nje kupiga simu huku akizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kaka yake mkubwa alikuwa mpiga video za harusi, na mpiga video hakosi diski za nje.

"Nina moja kubwa, tupu," kaka alisema. "Lakini naihitaji kesho jioni. Jumamosi nina harusi."

"Nipe hata kwa mchana mmoja."

"Usiniangushe."

"Kaka, ni Baba."

Aliileta asubuhi yake, akaiweka mezani pamoja na waya wake, akaondoka haraka maana alikuwa na bi harusi wa kumpigia picha za awali. Sikio aliichomeka kwenye kompyuta, akasubiri ionekane kwenye orodha ya diski. Nafasi iliyokuwa humo ingemeza sauti ya mtu mwezi mzima. Akatengeneza folda mpya ndani yake. Kisha akafungua programu ya kurekodi, akaingia kwenye mipangilio, akatafuta mahali palipoandikwa folda ya kurekodia, akaiondoa ile ya ndani na kuchagua ile mpya. Akabonyeza sawa.

Hapo angeweza kumwita mzee. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alirekodi sauti yake mwenyewe akihesabu, akafungua folda ya diski ya nje. Tupu. Akaangalia diski ya ndani: kumbe kipande kimekwenda kulekule kwa jana, kikajibana katika upenyo mdogo uliobaki.

"Sasa wewe unataka nini?" aliiambia kompyuta.

Alirudi kwenye mipangilio, safari hii akisoma kila neno. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, programu ilisema kwamba mabadiliko hayo yataanza kufanya kazi ikishafungwa na kufunguliwa upya. Akaifunga. Akaifungua. Akahesabu tena mbele ya mikrofoni, na mara hii rekodi ikatokea kwenye folda ya diski ya nje, na pembeni nafasi iliyobaki ikasomeka ile kubwa. Akaisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazuia kompyuta na diski zisilale zikiachwa bila kuguswa, akachomeka chaji ukutani, akaufunga waya wa diski kwenye mguu wa meza kwa utepe ili usichomoke mtu akiupitia.

Mama yao, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo begani, alimtazama. "Unafunga meza au unafunga mbuzi?"

"Huu waya ukichomoka tu, Mama, tumekwisha."

"Basi funga vizuri."

Mzee aliingia mchana, Sikio akabonyeza kitufe cha kurekodi na kutoka, mzee akaufunga mlango mwenyewe. Sikio alikaa kwenye kiti cha varanda, akainuka, akakaa tena. Sauti ya baba yake ilipenya blanketi kama mngurumo tu, bila maneno. Kila iliponyamaza, alihisi kwamba mashine ndiyo imenyamaza. Mara mbili alienda mpaka mlangoni, akaweka mkono kwenye kitasa, akauondoa. Alikuwa ameahidi kumwacha peke yake.

Kaka alifika mapema kuliko walivyopatana. Gari aliliacha likinguruma barabarani.

"Nipe diski."

"Yumo ndani bado."

"Nitaingia kimya, nichomoe, nitoke. Hata hatajua."

Sikio alisimama mbele ya mlango wa korido. "Ukichomoa sasa, programu haitakuwa na pa kuandika. Itasimama, na faili inaweza kuharibika yote. Si kipande cha mwisho tu. Yote."

"Basi mwambie apumzike kidogo, uihamishie kwako."

"Kwangu kumejaa. Ndiyo maana diski yako iko hapa."

"Mdogo wangu, kesho nina watu mia nne na kamera tatu. Nitarekodi kwenye nini? Kwenye kiganja?"

Alisema hivyo akiwa tayari amempita nusu bega. Sikio alimshika mkono wa shati. Hawakuwa wameshikana hivyo tangu utotoni, na wote wawili waliona aibu kidogo. Kutoka ndani, mngurumo ulirudi. Ulipanda, ukashuka, ukasita mahali. Kaka alisikiliza, uso ukalegea.

"Anasema nini?"

"Sijui. Alisema ana maneno ya kila mmoja wetu."

"Hata mimi?"

"Kwani wewe si mtoto wake?"

Kaka alirudi nje, akazima gari. Aliketi kwenye ngazi, akapiga simu kwa mpiga video mwenzake, akabembeleza, akacheka kicheko cha mtu anayeomba, akakubali kumsaidia mwenzake kazi nyingine bure. Alipokata simu alisema tu, "Nimepata ya kuazima. Hiyo iacheni hapo."

Wakangoja pamoja. Mngurumo ukakatika, kukabaki kimya kirefu. Sikio akaanza tena kutembea.

"Kaa chini," kaka alisema. "Unanitia kizunguzungu."

"Je, kama imesimama?"

"Uliijaribu?"

"Niliijaribu."

"Basi kaa."

Hakukaa. Mzee alipofungua mlango hatimaye, alikuwa na alama ya ukingo wa meza shavuni. Akawatazama wote wawili kama aliyekuta abiria wamelala kwenye benchi la stesheni.

"Nimemaliza," alisema. "Msisikilize mpaka nikisharudi kutoka hospitali. Na mmoja wenu aniletee maji."

Kaka ndiye aliyekimbilia maji. Sikio alisimamisha rekodi, akahifadhi, akaangalia folda. Faili ilikuwa pale, ndefu, nzima. Alisikiliza mwanzo kidogo na mwisho kidogo, kwa kuhakikisha tu, kisha akapandisha nakala ya pili mtandaoni kabla hajagusa ule utepe.

Upasuaji ulikwenda salama. Mzee alirudi nyumbani akiwa amekonda, akipumua kupitia tundu dogo shingoni, akiwasiliana kwa kibao na kalamu na kwa kupiga meza akikasirika. Siku ya pili aliandika: Sasa sikilizeni. Kisha akachukua kofia yake akaenda kutembea, maana hakutaka kuwapo.

Waliketi watatu mbele ya spika. Mzee alianza na mwanawe mkubwa, na yaliyosemwa hapo kaka hakuyarudia kwa mtu. Alitoka nje, akakaa kwenye gari muda mrefu. Yalifuata ya Sikio. Yalifuata ya mama yao, na Sikio akainuka ampishe, lakini mama akamshika mkono asiondoke. Kisha sauti ikachoka. Ikasema, "Ngoja nipumzike kidogo." Kiti kikalia. Baadaye kidogo kukaingia sauti nyingine kabisa, ya chini, ya kupanda na kushuka.

"Hicho nini?" Sikio aliuliza.

Mama alianza kucheka, kicheko kisicho na sauti, machozi yakimtiririka. "Anakoroma."

Alikoroma sehemu kubwa ya mchana ule. Nje ya blanketi, hicho ndicho kimya kilichomtembeza Sikio varandani. Kaka aliporudi ndani akasema, kama fundi kwa fundi, kwamba hicho kipande kinaweza kukatwa, kinakula nafasi bure.

"Nafasi ipo," Sikio alisema.

Mama alikuwa amefuta macho. Aliwaambia, bila kuwatazama, kwamba tangu mzee arudi, yeye mwenyewe halali. Kwa tundu lile la shingo mzee hakoromi tena. Usiku mzima yeye anainuka kumwekea mzee mkono kifuani kuona kama anapumua, na kitanda kimekuwa kimya kama cha hotelini.

"Hicho kipande nipe mimi," alisema. "Kiweke kwenye simu yangu."

Siku chache baadaye Sikio alipita mchana kuwaletea dawa. Mama alikuwa amelala usingizi mzito kwenye kochi, kisikilizi cha simu yake kikiwa kimechomekwa sikio moja, mdomo wazi kidogo. Mzee alikaa kiti cha pili na gazeti lake. Alipomwona binti mlangoni, aliinua kidole mpaka mdomoni, akageuza ukurasa polepole ili karatasi isilie.