Kapu la Siku ya Saba

Mjukuu wangu Mwanaima, niliyemlea mwenyewe tangu ananyonya, alijifungua mtoto wa kike huko Ohio, Marekani, mwaka wa 1999. Akanipigia simu analia.

"Nana, mtoto mzuri, mashallah. Lakini mume wangu yuko kazini, nami nazungumza na ukuta. Hata siku ya saba itanipita hapa kama siku yoyote."

"Haitakupita," nikamwambia. "Siku hiyo hiyo kitu changu kitapiga hodi mlangoni kwako. Wallahi."

Nikishaapa, basi. Simu ikakatika nami sijajua hicho kitu ni kitu gani.

Hesabu ya siku niliijua. Mtoto alizaliwa Ijumaa ya huko baada ya Magharibi, kwa hivyo ule ni usiku wa Jumamosi. Ukianza kuhesabu Jumamosi, siku ya saba yaangukia Ijumaa, tarehe sita Agosti. Mbuzi wa akika tungemchinja huku kwetu Mtopanga. Lakini nyama haipiti kwenye waya wa simu.

Badi, kitinda mimba wangu, fundi wa injini melini, alikuwa nyumbani likizo. Akaniambia Wamarekani huuza makapu ya zawadi kwa kompyuta: wachagua, walipa kwa kadi, nao wanampelekea mtu mpaka mlangoni. Basi Jumatano, tarehe nne, baada ya Alasiri, tukashika njia mpaka Kisauni kwa Dhahabu. Dhahabu ana duka la simu na faksi, na mwaka ule alikuwa ametia mtandao, akitoza kwa dakika.

"Shikamoo Bi Mwanakheri," akaniamkia, akanivutia kiti. "Na wewe baharia, usinigongee hiyo mashine kama wagonga nyundo. Haina nati."

Badi akalipata duka la makapu. Picha zikateremka polepole kama pazia. Nikachagua kapu kubwa la tende na matunda, na ndani yake blanketi la mtoto. Yeye akaandika jina la Mwanaima na anwani. Palipoulizwa siku ya kufikisha, akaandika 06/08/1999.

Maandishi mekundu yakatokea.

"Yasemaje?" nikauliza.

"Yasema siku hiyo imeshapita."

"Imepitaje, nasi hata kesho hatujaifikia?"

Badi akajaribu tarehe saba, 07/08. Nyekundu. Akajaribu nane, 08/08. Ikakubali.

"Haya, mama, tarehe nane hiyo. Siku mbili si kitu. Mashine yao imeharibika. Tazama hapa juu, imeandika tarehe ya leo 08/04. Yaani tarehe nane Aprili! Saa yao ilikufa tangu masika."

"Siku mbili si kitu kwako wewe uliyezaliwa ukapokewa na wanawake kumi na wawili," nikamwambia. "Mwenzio yuko peke yake. Niliapa siku ya saba."

"Dakika zinakwenda, bibi," Dhahabu akasema taratibu.

"Ngoja kwanza. Kitendawili!"

"Mama, sasa?"

"Kitendawili!"

"Tega," akasema Dhahabu, akicheka.

"Nina bawabu. Akija Sita amfukuza, akija Saba amfukuza, akija Nane amfungulia. Kwa nini?"

Dhahabu akafikiri. "Nakupa mji," akasema.

"Mji siupokei, nami sijalijua jibu. Lakini nakuuliza: hiyo nane ina nini? Nane sifuri nane. Isome kutoka huku, isome kutoka kule, ni ile ile. Huenda hawa wasoma kinyume chetu."

Nikavaa miwani, nikakisogelea kioo. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, na kwanza nilipoona vile vimstari katikati ya nambari nilidhani ni shilingi na senti, kama tulivyoandika zamani. Lakini nambari nazijua. Chini kabisa palikuwa na mstari wa bei ya punguzo na tarehe yake ya mwisho. Nikaweka kidole.

"Soma hapa, baharia."

"08/31/1999."

"Haya. Nitajie mwezi wa thelathini na moja, nami nitakupa mji."

Badi akatazama. Akaushika mdomo. Dhahabu akapiga makofi, akaangua kicheko mpaka mtu aliyekuwa akipiga simu kibandani akachungulia.

"Wanatanguliza mwezi!" Badi akasema. "Ile sita yangu waliifanya Juni. Juni tarehe nane. Na saba ni Julai. Kweli zimeshapita. Na saa yao haikufa, mama: 08/04 ni leo hii, Agosti tarehe nne."

"Na ungeandika tarehe tisa kwa mtindo wako?"

"Wangempelekea Septemba. Mtoto ashaanza kucheka."

Akaandika 08/06/1999. Ikakubali, na chini yake ikaandika kwa maneno: Ijumaa, Agosti 6. Nikashusha pumzi. Lakini mara Badi akakunja uso tena.

"Wasema kapu la kufika Ijumaa lilipwe leo kabla ya 12:00 PM. Hiyo ni saa sita ya mchana. Nasi hapa ni saa kumi na moja na ushei. Tumechelewa."

"Saa sita ya mchana wa nani?" nikauliza. "Mwanaima huniambia, huku kwetu ikiwa jioni, yeye ndiyo anywa chai ya asubuhi."

Dhahabu akainama. "Pale kwenye tarehe pana saa yao, Badi. 10:12 AM. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Wako nyuma yetu saa saba. Mwisho wao wa saa sita mchana, huku kwetu ni saa moja ya usiku."

"Basi tuna muda," nikasema. "Usiuchezee."

Badi akatoa kadi yake. Bei ilikuwa $54.95. "Kadi ina dola themanini zimebaki," akasema. "Zatosha na zaidi."

"Dola zako wapewa wapi?"

"Singapore, kwenye kampuni ya meli."

"Na hizi za hapa?"

"Dola ni dola, mama."

"Na shilingi ni shilingi. Chukua za Tanzania pale mpakani Lunga Lunga, uje ununue nazo samaki Kongowea, nikuone."

Dhahabu akamwonyesha maandishi madogo chini: bei zote ni dola za Marekani. Badi akapiga hesabu kwenye kiganja. Dola moja ya kule ni kama moja na senti sabini za Singapore. Kapu kubwa lingekwenda tisini na tatu, na kadi ingekataliwa. Tukashuka kwenye kapu dogo la $38.50, lile lile lenye tende na blanketi, pasipo mananasi.

"Mananasi ana ya nini," nikasema. "Atakula akija."

Palikuwa na kisanduku cha salamu. Nikamwambia Badi aandike nitakavyomtajia, herufi kwa herufi. Kisha akabonyeza.

Ijumaa, mbuzi ashachinjwa na visomo vishakwisha, nikaketi karibu na simu ya jirani. Saa kumi na moja na nusu jioni ikalia. Nikainua. Nikasikia mtoto akilia kwa nyuma.

"Mgeni kaja hana mzigo, na nyumba yote imejaa," Mwanaima akasema. Alikuwa akisoma kadi ya salamu zangu, neno kwa neno. "Nana, Wazungu wameniletea kitendawili chako mlangoni."

"Basi tegua."

"Ni mtoto, Nana."

"Hujambo, mama mtoto," nikamwambia. "Sasa mweke karibu na simu, nimsikie analiaje."