Kadi ya Ndugu wa Marehemu

Mwalimu wa sanaa alizifunika kadi za mjadala mezani: msimamizi wa makumbusho, msanii, mzazi, ndugu wa marehemu. Kila mmoja dakika mbili, bila kukatizana, na useme la kadi yako, si la moyo wako. Je, makumbusho yaonyeshe mchoro wa wachimbaji waliofukiwa na kifusi, huu ambao nakala yake imebandikwa ubaoni? Kiduchu, ambaye baba yake alifia machimboni bila kuacha hata picha moja, akaokota kadi ya ndugu wa marehemu, anayepinga.

“Nikubadilishie, mwanangu?” mwalimu alinong'ona.

“Acha tu, Mwalimu. Iliyonijia ndiyo yangu.”

Akapinga kwelikweli: msiba wa mtu si tamasha. Mtunza saa akagonga kengele. Mwalimu akasema wazirudishe kadi, sasa kila mtu apige kura kwa nafsi yake.

Kiduchu akanyoosha mkono pamoja na wanaotaka mchoro uonyeshwe.

“Kinyonga wewe,” aliyekuwa msanii akamcheka. “Si umetutoa jasho sasa hivi?”

“Ile ilikuwa kadi. Wauweke chumba cha ndani, na tangazo mlangoni, asiyetaka asiingie. Mimi nitaingia. Yule mchimbaji wa pembeni ana mabega ya baba.”