Miaka Mitano ya Bosi Leodgar

Bosi Leodgar alikwenda semina ya siku tatu Sumbawanga akarudi na vitu viwili: begi jeusi lenye kalamu ya bure, na maneno "miaka mitano". Begi lilikatika mkanda kabla wiki haijaisha. Yale maneno ndiyo yaliyotutesa.

Ilikuwa mwaka 1998. Kodi mpya ya ongezeko la thamani ilikuwa inaanza mwezi wa saba, na wenye biashara waliitwa wakafundishwe kuandika ankara na kutunza kumbukumbu. Sisi tulikuwa kiwanda cha mbao hapa Mpanda, barabara ya kwenda Magamba: misumeno miwili, jenereta moja, wafanyakazi kumi na tisa, na mimi Marsela, mtunza masijala. Masijala yenyewe ni chumba kimoja chenye rafu za mninga, maana mbao kwetu si tatizo. Faili zote nilizipa namba kwa mkono wangu tangu 1983, na haijapotea hata moja mikononi mwangu. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu pale kazini hakuna mwingine aliyewahi kunisifia.

Kipeperushi cha semina nilikisoma, bosi alikuwa amekiweka chini ya glasi ya chai. Kilisema kwamba kumbukumbu za kodi, yaani ankara, stakabadhi, vitabu vya mauzo na vya manunuzi, zitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano. Usiopungua. Hakikusema kwamba miaka mitano ikitimia mtu awashe kiberiti. Wala hakikugusa faili za watumishi, mikataba, hati za viwanja wala cheti cha kusajili biashara. Bosi alikuwa amesikia namba, basi. Nadhani ilitajwa karibu na saa ya chakula.

Jumatatu alitukusanya ofisini. Kwenye meza yake palikuwa na kompyuta iliyotumika, aliyoinunua Tabora, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya bibi harusi. Akatangaza kwamba dunia imebadilika, kwamba karatasi ni ushamba, kwamba kuanzia siku hiyo kila kitu kitaingia kwenye disketi, na kwamba faili lolote lililozidi miaka mitano lichomwe ili masijala ipate nafasi ya kiti chake cha kuzunguka. Mpwa wake Odeta, aliyesomea kompyuta wiki mbili, ndiye angeyaingiza majina.

Nikamuuliza miaka hiyo tunaihesabu kuanzia lini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. Tarehe si ipo juu ya jalada, akasema.

Juu ya jalada kuna tarehe ya kulifungua faili. Sasa faili la mtumishi linafunguliwa siku anapoajiriwa. Kama mtu kaajiriwa 1986 na bado anakuja kazini kila asubuhi, faili lake ni hai kama yeye mwenyewe. Miaka ya kulitunza inaanza kuhesabiwa siku anapoondoka kazini, siyo siku alipoingia. Hata ankara, miaka yake inahesabiwa baada ya hesabu za mwaka ule kufungwa. Nilimweleza hivyo polepole, mbele ya watu, na hapo ndipo nilipokosea. Bosi Leodgar hakubali kuelezwa kitu mbele ya watu, hata kama ni kwamba shati lake linaungua.

"Dada Marsela," akasema, "semina ulikwenda wewe au nilikwenda mimi?"

Tulichoma siku mbili, nyuma ya banda la msumeno, pamoja na maranda. Nilibeba makasha mwenyewe. Faili za ankara za miaka ya themanini ziende, sikuwa na ugomvi nazo. Faili za watumishi nilizibeba nimenuna, lakini nilizibeba, na sikulifungua hata moja kuangalia kilichomo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kununa hakuzuii moto.

Na mnajua ni faili gani kongwe kuliko zote lililosalimika? La hati ya kiwanja, la mwaka 1981. Lilikuwa na miaka kumi na saba, lakini hilo bosi alilibeba mwenyewe kwapani akalifungia kabatini kwake. Kwenye mali yake alijua vizuri kabisa kwamba kuna karatasi zisizochomwa milele.

Kabla ya moto, Odeta alikuwa amemaliza orodha yake katika siku nne. Alikuwa msichana wa bidii, simlaumu. Aliandika jina la kila mtumishi, mwaka wa kuajiriwa, na mbele yake akaandika nyaraka zilizokuwa kwenye faili: Mkataba, upo. Picha, zipo. Kibali, kipo. Kisha faili likaenda motoni na orodha ikaendelea kusema vipo. Disketi yenyewe ilikuwa moja tu, haikuwa na nakala, na bosi aliitunza juu ya spika ya redio mpaka Odeta alipomwambia sumaku ya spika inaweza kuifuta.

Libérat alikuwa fundi wetu wa msumeno mkubwa. Alikimbia Burundi na wazazi wake mwaka 1972, akiwa mtoto wa miaka kumi, wakapelekwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Mwaka 1986 alipata kibali cha kuishi na kufanya kazi nje ya makazi hayo, akaja kwetu, akajenga Kasokola, akalima mahindi, yeye na mkewe Thacienne wakapata watoto wanne. Na sisi pale kiwandani tulikuwa na mtindo wetu: siku ya kuajiriwa, mtu anakabidhi karatasi zake halisi, zinakaa kwenye faili. Bosi aliita kutunziana. Ukweli ni kwamba mtu ambaye karatasi zake ziko kwako hahami kwenda kwa mwenye mbao mwingine. Libérat hakuiona tena karatasi yake kwa miaka kumi na miwili.

Mwezi wa tisa kukawa na ukaguzi wa vibali. Afisa wa uhamiaji alifika kiwandani asubuhi, mtu mpole mwenye daftari, akaomba kuona kibali cha Libérat. Libérat akasema bila wasiwasi kwamba kiko ofisini, kimetunzwa.

Bosi alifurahi. Hatimaye kompyuta imepata mgeni. Akaagiza jenereta iwashwe, akatoa kitambaa, akamwita Odeta, tukasimama wote tukisubiri ile mashine ikiguna. Printa ikatoa karatasi moja kwa kelele nyingi. Afisa akaisoma. Ilisema: Libérat, 1986, kibali, kipo.

"Naona kipo," afisa akasema. "Sasa nionyesheni."

Bosi akamwonyesha kioo cha kompyuta. Afisa akakiangalia kwa heshima, kisha akasema anachotafuta ni karatasi yenye saini ya mtoaji na mhuri, ya asili, na kwamba maneno aliyopiga mwajiri mwenyewe hayathibitishi chochote isipokuwa kwamba mwajiri ana mashine. Bosi akaanza habari za semina. Afisa akamuuliza kama semina ilisema karatasi ya mtu mwingine ichomwe. Hapo bosi akakumbuka ghafla kwamba mwenye dhamana ya masijala ni mimi.

Libérat hakugombana. Alikaa juu ya gogo, vumbi la mbao kwenye nyusi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, mliichoma?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba niliibeba kwa mikono yangu. Akaanza kujipangusa vumbi kwenye nyusi. Heri angenitukana.

Afisa alimpa siku tatu. Asipoleta kibali, angepandishwa lori na wenzake wasio na karatasi kwenda kambini Kigoma. Thacienne na watoto wangebaki na mahindi.

Bosi alipendekeza kuandika barua ya kompyuta yenye nembo. Nilimwacha na nembo yake. Kesho yake alfajiri mimi na Libérat tulikwenda Katumba kwa baiskeli, kila mmoja na yake. Vibali vile vilitolewa kwenye vitabu: karatasi moja anapewa mtu, nyingine ya chini inabaki kitabuni. Swali lilikuwa kama kule nako kuna mtu aliyekwenda semina.

Tulimkuta karani mzee aitwaye Ladislas, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilipomwambia tunatafuta kitabu cha 1986 aliniuliza namba ya kibali. Namba ilikuwa kwenye kibali. Akaniuliza tarehe. Tarehe ilikuwa kwenye mkataba. Akavua miwani akataka kujua kwetu huwa tunatunza nini hasa. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na mitano nikijidai masijala yangu haipotezi kitu, na sasa nilisimama mbele ya karani mwenzangu nikiwa mikono mitupu.

Hakutufukuza. Alisema vitabu hivyo havina umri wa kuchomwa wakati watu walioandikwa humo bado wako hai. Akatufungulia stoo. Mwaka 1986 ulikuwa na vitabu kumi na moja, vimepangwa kwa namba, siyo kwa majina, kwa hiyo tulipekua ukurasa kwa ukurasa, sisi watatu, toka asubuhi mpaka vivuli vikageuka. Karatasi za chini zilikuwa za kaboni, rangi ya bluu imefifia. Kwenye kitabu cha tisa Libérat aliweka kidole juu ya karatasi. Jina lake, la baba yake, alama ya dole gumba lake la ujana. Alilia. Mimi pia nililia, na sioni haya kusema.

Siku iliyofuata tulirudi kuchukua nakala iliyothibitishwa, na mkuu wa makazi akatia saini na mhuri mpya. Siku ya tatu afisa alifika, akaisoma pande zote mbili, akaandika namba kwenye daftari lake, akamtakia Libérat kazi njema. Ilichukua muda mfupi kuliko kuwasha jenereta.

Afisa alipoondoka, Bosi Leodgar alipumua kama aliyeokolewa yeye. Akasifu juhudi za kampuni. Kisha akanyoosha mkono.

"Haya, ilete tukutunzie."

Libérat alikwisha kuikunja na kuitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kutoka mfuko mwingine akatoa karatasi nyingine. Alikuwa amepita kwenye mashine ya fotokopi ya misheni, akalipa mwenyewe.

"Hii ni nakala, bosi. Itoshe kwa faili." Akaiweka mezani, juu ya kile kitambaa cha kufumwa, na kando yake akaweka kipande cha karatasi alichokiandika kwa mkono: Nimepokea nakala moja ya kibali cha Libérat. "Weka saini hapo chini. Na tarehe."

Bosi alinitazama mimi, nami nikampa kalamu. Alitia saini. Libérat alichukua kile kipande, akakisoma taratibu mpaka mwisho, akakitia mfukoni pamoja na kibali, akaenda kuwasha msumeno.